Jina la Mzee Salamba, Ukurasa wa Tatu

Mwanangu, ipo jioni moja ya Bariadi ambayo mpaka leo naikumbuka kwa pua kabla ya kuikumbuka kwa akili. Ilinuka wino wa mashine ya fotokopi uliopata moto, na vumbi la malori ya pamba yaliyokuwa yakipita barabarani, yakidondosha vijipamba vyeupe vilivyonasa kwenye miba ya ua. Mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa bado mchanga siku hizo. Ofisi zilikuwa zimepangishwa popote palipopatikana, hata kwenye nyumba iliyokuwa ya kulala wageni, na ukiulizia faili ulielekezwa chumba namba saba, chenye bafu ndani. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua kuwa ni furaha. Ujana ndivyo ulivyo. Hukuachia risiti baada ya duka kufungwa.

Nilikuwa na shahada moja, mashati mawili ya mikono mirefu, na imani kwamba nimezaliwa kwa ajili ya mambo makubwa. Kazi niliyoipata ilikuwa ya ukarani. Nakuambia haya kwa sababu nimesikia nawe umeajiriwa ofisini, na kwamba unalalamika kuwa unapewa kazi za kukunja karatasi. Kaa basi, nikueleze habari za karatasi.

Kijiji kimoja kando ya barabara ya kwenda Lamadi kilikuwa kimejenga wodi ya wazazi, na kesho yake ilikuwa inafunguliwa. Ardhi ilipojengwa wodi ile ilitolewa na mzee mmoja mfugaji, jina lake Salamba Luhende. Alikuwa amekata kipande cha shamba lake la pamba, kile cha karibu na barabara, ambacho wafanyabiashara walikuwa wakikimezea mate, akakitoa bure. Mkwe wake alikuwa amejifungulia njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto hakuishi. Mzee hakutoa hotuba juu ya jambo hilo. Alikwenda kwenye mkutano wa kijiji, akasema, "Pale pale mkokoteni uliposimama, jengeni," akarudi kwa ng'ombe wake.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya ratiba. Nilitaka kijitabu, mwanangu, si karatasi moja ya kupepea joto. Kurasa nane: karatasi mbili za A4, moja ndani ya nyingine, zikakunjwa katikati na kubanwa pini mbili mgongoni. Karatasi ya nje ilikuwa ngumu, ya rangi, na picha ya wodi juu yake. Ya ndani ilikuwa nyeupe ya kawaida, nayo ndiyo iliyobeba ukurasa wa tatu mpaka wa sita. Ukurasa wa tatu ulikuwa na jedwali la mtiririko wa shughuli, na ndani ya jedwali hilo mstari mmoja ulisema: "Makabidhiano ya eneo – Mzee Salamba Luhende."

Kazi ya kuchapa tulimpa Doto, aliyekuwa na duka la steshenari karibu na stendi. Doto alikuwa na utani wa kukata kama ile mashine yake ya kukatia karatasi. Aliniita Msomi, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa.

Prufu ya kwanza, ile nakala ya kukagulia kabla ya kuchapa, niliisoma neno kwa neno. Kwa ukweli wangu wote, nianze kwa kukiri kwamba jina nililolisoma mara nyingi zaidi lilikuwa langu, lililokuwa ukurasa wa nyuma, herufi ndogo: "Imeandaliwa na." Nililikagua kama bibi harusi anavyokagua vidole vyake. Majina mengine nayo niliyapitia, yote yakawa sawa, nikasaini.

Lakini sikiliza sasa kosa linavyoingia, maana haliingii kwa mlango uliousimamia. Baada ya kusaini, ofisi ya mgeni rasmi ikapiga simu: mheshimiwa ataondoka mapema, makabidhiano yasogezwe mbele, kabla ya kwaya. Mstari mmoja tu, kuutoa chini na kuupandisha juu. Faili letu lilipofunguliwa kwenye kompyuta ya Doto jedwali lilivurugika, kwa hiyo akalichapa upya kwa mkono wake, haraka, wateja wakiwa wamejipanga. Nikasema, "Si mstari mmoja tu? Chapa, peleka." Prufu ya pili hatukuitoa.

Na kompyuta isingeweza kutuonya. Haikumfahamu Msukuma hata mmoja. Masunga ilimpigia mstari mwekundu, Nkwimba mstari mwekundu, Luhende mstari mwekundu. Ukurasa wetu ulionekana kama mgongo wa mtu aliyechapwa viboko. Tulikuwa tumezoea kutoiona ile mistari. Kilicho sahihi na kilicho kosa vyote vilivaa nguo moja.

Mchana ule kijitabu kikatoka, maboksi yakaja. Mtendaji wa kijiji alipitia ofisini akachukua fungu lake la kugawa mapema kwa viongozi na wazee wa kule. Jioni, jua likiwa limeshaingia nyuma ya vilima, nilibaki peke yangu nikihesabu mafungu yaliyosalia. Nikafungua kimoja. Unadhani nilianzia ukurasa gani? Naam, wa nyuma. Jina langu lilikuwa zuri ajabu. Ndipo nikageuza kurudi mbele, nikaufikia ukurasa wa tatu.

"Mzee Salamba Luhemde."

Nilisugua macho. Nikachukua kijitabu kingine, kana kwamba kosa la mashine huwa kwenye nakala moja. Luhemde. Cha tatu, Luhemde. M na N ni majirani kwenye vibonyezo, mwanangu, na kama majirani wengi, mmoja hujibu mwingine anapoitwa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hakuna atakayeona. La pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu lilifanana na akili. Nilijiambia: wanaosoma ratiba ni wa meza kuu. Mgeni rasmi atasoma, mbunge atasoma, daktari mkuu atasoma. Hao nikiwatolea nakala safi, aibu imezibwa. Wengine watakalia ratiba zao kwenye nyasi.

Nikaenda kwa Doto mbio. Alikuwa ameshafunga mlango mmoja wa duka.

"Herufi moja imeteleza," nikamwambia. "Nitolee nakala ishirini na tano upya."

Doto akatazama, akakuna kichwa. "Dah. Hii ni ya kwangu, Msomi. Vidole vyangu hivi. Lakini ishirini na tano? Si zilikuwa mia tatu?"

"Hizi ni za meza kuu."

"Na hizo nyingine?"

"Hizo ni za wananchi."

"Aa," akasema Doto, akiwasha mashine. "Wananchi hawana macho. Nilikuwa sijui."

Sikucheka. Alizitoa, tukazikunja, tukazibana, nami nikarudi ofisini na kifungu changu kizuri nikiwa nimetulia kama mtu aliyetibu kidonda kwa kukivalisha soksi. Wahenga walishasema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Lakini wahenga hawakuwa ofisini jioni hiyo. Aliyekuwepo ni Mama Kwandu.

Mama Kwandu alikuwa mkuu wetu wa utawala. Alikuwa amesoma kunizidi, tena mbali zaidi, wala hakuwahi kunikumbusha; alikuwa akisubiri nijikumbushe mwenyewe. Alipitia kuhakiki maboksi kabla ya kwenda nyumbani, kanga begani juu ya suti yake, na macho yake yakatua moja kwa moja kwenye yale mafungu mawili.

"Hizi mbona umezitenga?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, hata nikaanza kujisikia fahari. Nilimaliza kwa kusema kwamba athari imedhibitiwa. Maneno ya chuo hayo.

Hakupaza sauti. Akavuta kiti. "Mzee Salamba kesho amepangiwa kukaa wapi?"

"Hema la wazee wa kijiji, mayu. Mstari wa mbele."

"Si meza kuu?"

"Hapana. Meza kuu ni ya viongozi."

"Kwa hiyo," akasema polepole, "umemsahihishia jina lake kila mtu, isipokuwa yeye."

Mwanangu, nimesikiliza mihadhara ya maprofesa, nimekaa kwenye makongamano yenye chai na bila chai. Sijapata kusikia sentensi iliyonivua nguo kama ile. Na muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama.

"Sasa acha kuinama, kaa tufanye kazi," akasema Mama Kwandu. "Jina likishaandikwa vibaya halikai mahali pamoja. Husafiri. Tuangalie limesafiri mpaka wapi. Nani mwingine alinakili kutoka kwenye jedwali hili?"

Nikafikiri. Mshereheshaji. Alikuwa amepewa karatasi yake ya kusomea baada ya mabadiliko. Tukampigia. Akafungua karatasi yake, akasoma kimyakimya, akasema, "Ee, na kwangu ni hivyo hivyo. Mimi nilidhani ni jina la Kinyantuzu la zamani." Akalisahihisha kwa kalamu hapo hapo, na Mama Kwandu akamtamkisha mara mbili.

Hotuba ya mgeni rasmi. Katibu wake alikuwa ametumiwa ratiba kwa barua pepe ili achomeke majina. Tukampigia naye, hakupokea, akapigiwa tena, akapokea akiwa anakula. Alikuwa amelichomeka kama lilivyokuja; akalisahihisha tukiwa bado kwenye simu.

Kadi ya kiti cha Mzee Salamba ilikuwa sahihi, kwa kuwa niliiandika mwenyewe kutoka kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji. Risala ya wanakijiji waliiandika wenyewe, nao jina la jirani yao wanalijua. Kikabaki kibao cha jiwe chenye jina lake, kilichokuwa tayari ukutani kule, kimefunikwa kitambaa.

"Kibao kiliagizwa kabla ya mabadiliko," nikasema. "Kitakuwa sawa."

"Kitakuwa, au kipo?"

Tukampigia fundi aliyelala pale kulinda vifaa. Akaambiwa ainue kitambaa, amulike tochi, asome herufi moja moja.

"Mama, naanza. L ya limau. U ya ugali. H ya hospitali..."

"Endelea, baba."

"E... E ya embe. Hii inayofuata ni N. N ya Ng'ombe."

"Ina miguu mingapi?"

"Miwili, mama. Ya ng'ombe ni minne, lakini hii ni miwili."

Hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza. Kibao kilikuwa salama. Jiwe lingekuwa na kosa, mwanangu, sijui kama leo ningekuwa na ujasiri wa kukusimulia.

Ndipo nikakumbuka fungu la mchana. Nikampigia mtendaji nikimwomba asigawe.

"Nimeshagawa," akasema mtendaji. "Kaya kama arobaini hivi. Mzee Salamba ndiye niliyempa wa kwanza kabisa, si ndiye mwenye shughuli?"

"Amesema nini?"

"Hajasema. Ameitazama sana. Akaniuliza kama imetoka ofisini kabisa, nikamwambia ndiyo, imetoka ofisini kabisa, mkoani. Akaikunja. Nilipomwambia kesho gari la kumchukua litakuja asubuhi, akasema ataona. Sijampenda alivyosema ataona."

Nilimwangalia Mama Kwandu. Asipofika Mzee Salamba, wodi ingefunguliwa, ndiyo. Utepe ungekatwa, kwaya ingeimba. Lakini kwetu sisi mtu hakupi kitu kwa mdomo wa mwingine. Aliyetoa ardhi ndiye huiachia kwa mkono wake, mbele ya watu, na asipokuwepo, kila mama atakayejifungulia pale ataambiwa na wazee kwamba amezalia kwenye uwanja wenye kinyongo. Ungejenga wodi ya kukimbiwa.

"Twende," akasema Mama Kwandu.

"Tungemaliza kwanza kusahihisha zote, tukampelekea asubuhi..."

"Kosa likilala na mtu linaamka kubwa. Twende sasa, angali macho."

Tulipitia kwa Doto. Mama Kwandu alimpangia kazi kwa akili ambayo mimi, mpenda vijitabu, sikuwa nimeifikiria. Nilidhani itabidi kuchapa kila kitu upya, na karatasi ngumu ya rangi ilikuwa imekwisha, mpaka iagizwe Mwanza. Akakifungua kijitabu katikati, akakionyesha. "Jalada halina kosa. Lenye kosa ni shuka la ndani tu, hii karatasi nyeupe. Chapa shuka la ndani, pande zote mbili, la watu wote. Tutang'oa pini, tuchomoe la zamani, tuchomeke jipya, tubane tena kwenye matundu yale yale." Halafu akamwambia kitu kingine: atoe moja kwanza, alisome yeye, nilisome mimi, mtu wa tatu alisome bila kujua kosa lilikuwa wapi, kisha ndipo atoe mengine. Mtu wa tatu akawa mama muuza karanga wa pale nje. Alisoma ukurasa wote kwa sauti, jedwali zima, akasema hana tatizo nao isipokuwa kwamba chakula kimewekwa mwisho mno.

Doto akakataa kutaja gharama. "Vidole vyangu ndivyo vilivyokosa, acheni vifanye kazi," akasema. Tukamwacha mashine ikivuma na kutema karatasi zilizojikunja kwa joto, akizilaza chini ya ubao zinyooke.

Gari la Mama Kwandu lilikuwa dogo na lililalamika kila shimo. Njiani sikupanga chochote ila maneno. Niliandaa maelezo: jedwali lilivurugika, simu ilichelewa, vibonyezo ni majirani. Nilikuwa na utetezi mzuri wenye utangulizi na hitimisho.

Tulimkuta Mzee Salamba nje, mbele ya zizi, ameketi kwenye kigoda na taa ya sola pembeni yake ardhini. Mwanga ule ulikuwa umelala chini, na chini hapo, kwenye vumbi lililosawazishwa kwa kiganja, kulikuwa na maandishi. Yalianzia miguuni pake yakaenda mpaka karibu na miba ya zizi. Salamba Luhende. Salamba Luhende. Mengine yamefutwa kwa wayo, mengine yameandikwa juu ya yaliyofutwa. Mkononi alikuwa na kijiti. Ratiba yetu ilikuwa wazi juu ya paja lake, ukurasa wa tatu.

"Mwadila, guku," Mama Kwandu akamsalimia kwa Kisukuma, akimwita babu na kupiga goti kidogo.

"Mwadila, mayu. Karibuni. Mmenikuta kwenye shule yangu."

Mama Kwandu alinitazama. Zamu yangu. Na mwanangu, ule utetezi wote, na utangulizi wake, ukanyauka kama mche wa pamba uliokosa mvua. Nikasema tu, "Baba, jina lako tumelikosea. Kosa ni letu. Nimekuletea lililo sahihi." Nikampa lile shuka moja lililotoka kwa Doto.

Hakulipokea upesi. Alinitazama mimi kwanza.

"Kwa hiyo ni ninyi?" akauliza.

"Ni sisi, baba."

"Si mimi?"

Sikumwelewa. Akanionyesha chini kwa kile kijiti.

"Nilijifunza hili kwenye kisomo cha watu wazima. Nilikuwa kijana mwenye ng'ombe wengi na aibu nyingi. Mwalimu alituandikisha ardhini, ubao ulikuwa mmoja. Mimi sisomi kitu kingine, ng'wana wane. Gazeti sisomi, hata Biblia nasomewa. Nasoma hili tu. Leo mtendaji kaniletea kitabu kizuri, kina picha, kimetoka serikalini. Nikatafuta jina langu. Nikaliona, lakini lina mguu uliozidi." Akaligusa jina kwenye ratiba kwa kijiti. "Nikasema, basi, Salamba, umezeeka. Miaka yote hii umekuwa ukiliandika vibaya, na watu wanakuheshimu hawakuambii. Tangu jua lilipozama nipo hapa najaribu kukumbuka ule mguu uliozidi."

Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Hasira ina mahali pa kushikia. Unaiomba radhi, inapoa. Mzee yule hakuwa amekasirika. Alikuwa ametusadiki. Kati ya mkono wake mwenyewe na karatasi yetu yenye picha, alikuwa ameichagua karatasi yetu.

Mama Kwandu aligeuka akawa anatazama ng'ombe kwa muda mrefu kuliko ng'ombe wanavyostahili kutazamwa.

Mzee akachukua lile shuka, akaliweka chini karibu na maandishi yake, akasogeza taa. Akapita herufi moja moja, kijiti kwenye vumbi, kidole kwenye karatasi. Alipofika mwisho akavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Yamekutana." Kisha akaninyooshea kijiti. "Na wewe unaitwa nani? Liandike hapa."

Nikachuchumaa, nikaliandika, majina yote matatu, kwa mwandiko wangu bora. Akalitazama kichwa kikiwa upande, kama mnunuzi anavyomtazama dume mnadani.

"Sijui kama umelipatia," akasema. "Mimi nasoma langu tu."

Akacheka hata akakohoa, na mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akaambiwa kuna mtoto wa mkoani amekuja kusoma kisomo. Tukaletewa maziwa ya mgando. Tulipoaga, Mama Kwandu akamuuliza kama angependa zile ratiba za mchana zikusanywe kimyakimya, nyumba kwa nyumba.

"Ziko nyumba arobaini," akasema mzee. "Kule kuna watoto wa sekondari. Wameshasoma. Mkizikusanya kimya, watasema Salamba kanyang'anywa kitu. Hapana. Huyu kijana asimame kesho aseme kama alivyosema hapa. Maneno machache yale yale."

"Na wewe utakuja, guku?"

"Sasa nitaachaje kuja? Nimeshajua kuandika."

Tulirudi kwa Doto tukaketi kwenye sakafu ya duka, sisi watatu, tukang'oa pini. Pini ya kijitabu hung'olewa kwa kuinua miguu yake taratibu kutoka ndani. Ukiivuta kwa pupa inachana mgongo. Kucha ziliniuma siku kadhaa. Doto alinitania kwamba hatimaye nimepata kazi inayolingana na shahada yangu. Na niseme kweli, nikikumbuka maisha yangu yote ya ofisi, na nimekalia viti vyenye magurudumu tangu hapo, hakuna saa ninayoitamani irudi kama ile: feni ikizunguka, rundo la mashuka yenye kosa likipanda upande mmoja, rundo la vijitabu safi upande mwingine, Mama Kwandu akiwa amevua viatu, akiimba wimbo wa kanisani kwa Kisukuma huku akibana mgongo wa kila kijitabu kwa rula. Doto alishatutoka. Mama Kwandu amestaafu. Simu yake ikiita siku hizi hupokea mjukuu. Duka lile sasa linauza simu.

Asubuhi nilisimama kwenye kipaza sauti kabla ya shughuli kuanza. Nikasema, kwenye ratiba zilizogawiwa jana kijijini, ukurasa wa tatu, tumekosea jina la mwenye eneo hili. Jina lake ni Salamba Luhende. Kosa ni letu, na tunamwomba radhi mbele yenu. Nilidhani watu watanicheka. Akina mama wa nyuma walipiga vigelegele. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Wabeja!" yaani asante, na wengine wakaitikia. Kumbe wote walikuwa wameliona, kijiji kizima, na wote walikuwa wamekaa na jambo hilo kifuani wasijue waliweke wapi.

Ulipofika wakati wa makabidhiano, hati ya eneo ikawekwa mezani. Palikuwa na kidau cha wino wa dole gumba, kama ilivyo kawaida kwa wazee, na ofisa mmoja akakisogeza kwa heshima. Mzee Salamba akakirudisha pembeni kwa mgongo wa mkono. Akaomba kalamu. Mgeni rasmi, aliyekuwa na haraka ya kuondoka, alisubiri, kwaya ilisubiri, vipaza sauti vililia kidogo vikanyamaza. Mzee aliinama akaandika, herufi moja baada ya nyingine, bila kutazama ratiba, bila kutazama mtu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, niiseme wazi nisije nikakuachia fumbo. Mambo yakibadilika dakika ya mwisho, soma upya, hata kama ni mstari mmoja. Kosa hupenda mlango wa mwisho kufungwa. Umpe mtu mwingine asome, asiyejua unatafuta nini. Ukilikuta kosa, usilisahihishe kwa vyeo, kwamba wakubwa wapate safi na wadogo wabaki na takataka. Anza na yule aliyekosewa, kisha wengine wafuate. Lifuate kila lilikofika. Usilifiche, maana mficha uchi hazai. Nenda mwenyewe kwa miguu yako ukaseme maneno machache. Na zaidi ya yote, kumbuka kwamba karatasi ya ofisi ina nguvu kuliko wewe unayeichapa. Wako watu huko nje wanaotuamini kuliko wanavyoyaamini macho yao. Ukimwandika mtu vibaya, si lazima akukasirikie. Anaweza kukaa chini, peke yake, akaanza kujisahihisha mwenyewe, naye hakuwa na kosa.

Mungu akupe mkono usio na pupa na jicho linaloanza kwa mwenzako. Akujalie wakubwa wa kukuuliza swali moja linalotosha. Na popote kazi itakapokupeleka, watu wakipokee kilichotoka mikononi mwako, wajitafute ndani yake, na wajikute.